Suka, Sukari Imeshuka! Vidokezo kwa Dereva wa Feri Mwenye Kisukari

Alfajiri ya Feri haina subira. Jua halijachomoza vizuri, mnada wa samaki umeshapamba moto, matenga yanapita juu ya vichwa, maji ya barafu yanatiririka miguuni, na kirikuu zimejipanga zikisubiri mzigo wa Kariakoo, Buguruni na Tandika. Hatua chache kutoka hapo, foleni ya pantoni ya Kigamboni imeshafika barabarani. Katika pilikapilika hizo, dereva wa kawaida akikosa kifungua kinywa analalamika tu. Dereva aliyechoma insulini kabla ya kutoka nyumbani, akikosa kifungua kinywa, baada ya saa mbili tatu anaweza kuwa anaendesha gari huku akili imeshaanza kumtoka.

Hiyo ndiyo habari ya leo: sukari kushuka, siyo kupanda. Sukari ya juu mara nyingi huumiza taratibu, kwa miezi na miaka. Ya kushuka huja ndani ya dakika, na ikikukuta na usukani mkononi, wewe siyo mgonjwa peke yako barabarani.

1. Soma jina la dawa yako

Siyo kila mwenye kisukari yumo kwenye hatari hii. Ukitumia metifomini peke yake, sukari yako ni nadra kushuka hadi pabaya, kwa sababu dawa hiyo hailazimishi kongosho limwage insulini. Wanaohusika hasa ni wanaochoma insulini, na wanaomeza vidonge vya kundi la glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiraidi. Vidonge hivi huliamuru kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu.

Glibenklamaidi naitaja kwa kidole. Ni kidonge cha siku nyingi, cha bei nafuu, na wengi wanacho. Lakini kinakaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa zimechoka kinakaa zaidi. Ukimeza asubuhi, jioni bado kipo kazini. Kama umri umesogea, au umeshaambiwa figo haziko sawa, na riziki yako ni usukani, uliza kliniki kama kuna kidonge kinachokufaa zaidi. Uliza tu, usiache dawa kwa ushauri wa kijiweni, wala wa kwangu.

2. Dawa isitangulie safari peke yake

Kwa dereva wa Feri, chanzo cha balaa mara nyingi ni ratiba. Dawa ina saa yake, chakula kina saa ya mnada.

Tazama inavyokuwa. Kliniki wamekuambia dawa ya asubuhi itumike na kifungua kinywa. Wao wanamfikiria mtu anayeamka saa 12, anakunywa chai saa 1, anaenda kazini. Wewe unaamka saa 10 usiku. Unachoma sindano nyumbani kwa sababu ndiko ilipo, unagonga chai ya rangi isiyo na sukari, unajiambia utakula hukohuko. Ukifika, tajiri wa samaki ameshanunua, anataka mzigo utoke kabla jua halijawaka. Unasaidia kubeba. Kubeba nako kunachoma sukari. Chapati uliyoahidiwa na tumbo lako inakuja saa 3 au haiji kabisa.

Sasa, insulini ya mchanganyiko, ile iliyoandikwa 30/70, ina sehemu mbili. Sehemu ndogo ni ya haraka: huanza kazi baada ya nusu saa hivi, na hupamba moto kati ya saa ya pili na ya nne. Sehemu kubwa ni ya taratibu, nguvu yake huja baadaye na kuendelea hadi mchana. Ukichoma saa 11 alfajiri, kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi insulini iko kwenye kilele cha kwanza. Na hapo ndipo ulipo barabarani.

Dawa yake ni kuisogeza sindano iende kilipo chakula. Zungumza na kliniki: "Mimi hula Feri saa 12 na nusu, naomba nichomee hukohuko nusu saa kabla." Insulini inabebeka kwenye kifuko chenye ubaridi, isiwekwe kwenye dashibodi, wala isigusane na barafu ya samaki, kwa maana ikiganda imeharibika. Kama hilo haliwezekani, basi kula nyumbani, hata kama ni saa 11 na hamu haipo.

Kula nini? Hapa Feri pana mtego mtamu. Samaki wa kukaanga na kachumbari ni chakula kizuri, lakini hakina wanga wa kutosha kuikabili insulini. Samaki ni protini na mafuta. Mtu anashiba kabisa, anapanda gari, na sukari inashuka akiwa na tumbo limejaa changu. Supu ya pweza nayo ni hivyohivyo, pamoja na sifa zake nyingine ambazo siyo za makala haya. Weka na wanga: chapati moja na maharage, vipande vya muhogo, ndizi za kuchemsha, au ugali wa jana kama ndio uliopo. Maharage yana faida ya kwenda polepole, yanakushikilia njiani. Mama ntilie ukimwambia "nipe samaki, na muhogo vipande viwili", amekutibu bila kujua.

Neno la pembeni kuhusu pombe. Ini ndilo linalotoa sukari ya akiba usiku na wakati hujala. Ini lililolala likishughulikia bia haliwezi kuitoa vizuri. Kwa hiyo bia za jana usiku zinaweza kukushusha sukari leo asubuhi, wakati hata harufu haipo tena.

3. Chini ya tano, usiwashe

Pima kabla ya kugeuza ufunguo. Waganga wa Uingereza huwafundisha madereva wao kanuni fupi ambayo inafaa hapa pia: 5 kwenda juu ndiyo uendeshe. Kati ya 4 na 5, kula kwanza kitu chenye wanga. Chini ya 4, usiendeshe kabisa; hiyo ni sukari iliyoshuka, tibu kwanza. Namba hizi ni za mashine inayosoma mmol/L. Kama yako inasoma mg/dL, 4 ni kama 72 na 5 ni kama 90. Kisha pima tena kila baada ya saa mbili ukiwa bado barabarani.

Najua utakachosema: stripu ni ghali. Ni kweli. Ukiwa na mbili tu kwa asubuhi nzima, moja itumie kabla ya kuondoka, na ya pili itumie saa ambayo dawa yako iko kileleni, siyo saa unayojisikia una nafasi. Anayechoma 30/70 saa 11 na kuondoka Feri saa 1, ya pili iwe saa 2 na nusu au 3.

Na vidole, ndugu yangu. Ukiwa umekamata embe, miwa au soda, sukari iliyobaki kwenye ncha ya kidole itaingia kwenye tone la damu, na mashine itakuonyesha 8 wakati mwilini una 3. Osha kwa maji, kausha, ndipo utoboe. Huna maji? Futa tone la kwanza, pima la pili. Kichupa cha stripu kifunikwe sawasawa. Unyevunyevu wa pwani na joto la gari lililofungwa huziharibu, na stripu iliyoharibika haikuambii kwamba imeharibika.

4. Kutofautisha jasho na jasho

Vitabu vinasema dalili ya mwanzo ni kutoka jasho. Asante sana, lakini Dar es Salaam mwezi wa Januari nani hatoki jasho? Kwa hiyo lazima uwe mjanja zaidi ya kitabu.

Jasho la joto ni la moto, linakuja mwili mzima, na linapungua upepo ukiingia dirishani. Jasho la sukari huja ghafla, ni la baridi, mara nyingi shingoni na kwenye paji la uso, na linaendelea hata ukiwa kivulini. Halafu haliji peke yake. Linakuja na mikono inayotetemeka kwenye gia, moyo unaodunda bila sababu, njaa ya ghafla isiyokuwepo dakika tano zilizopita, au midomo inayowashawasha. Huo ni mwili unapiga kengele. Bado akili unayo. Hii ndiyo nafasi yako ya dhahabu, na ni fupi.

Sukari ikizidi kushuka, hasa chini ya 3, ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula. Dalili sasa zinahamia kwenye uendeshaji. Unapitiliza kona unayoijua tangu ujana. Unabadilisha gia kwa kuchelewa. Gari linavutwa upande mmoja na wewe huoni. Macho yanaona taa mbili mahali penye moja. Unapiga miayo mfululizo. Na hasira: honi ya bajaji iliyo nyuma, ambayo kila siku huisikii, leo unataka kushuka ukapigane. Dereva mpole akigeuka mbogo saa 3 asubuhi bila sababu, mimi nashuku sukari kabla ya kushuku tabia.

Kengele ya mwili ina maadui wawili. Wa kwanza ni baadhi ya vidonge vya presha na moyo, kama propranololi na atenololi. Hivi hufunika kutetemeka na mapigo ya moyo, kwa hiyo kengele hailii vizuri. Jasho ndilo linalobaki kukuambia. Adui wa pili ni mazoea. Mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, mwili huacha kushtuka. Anaweza kufika 2.8 akiwa anacheka na konda. Ukiona unapima unakuta 3 na hukuhisi lolote, huo siyo ushujaa, na huo siyo wakati wa kuendesha. Nenda kliniki wapunguze dawa. Ukikaa wiki kadhaa bila kushuka hata mara moja, kengele mara nyingi hurudi.

5. Simama kwanza, bishana baadaye

Ukishuku tu, unasimama. Huendi "mpaka pale mbele". Ubongo wenye njaa ni mwongo: utakuambia Kariakoo si ni hapo tu, utakula ukishashusha. Kutoka Feri hadi Kariakoo kwa ramani ni karibu sana; kwa foleni ya Mnazi Mmoja ni safari ya kwenda na kurudi.

Lakini kusimama mjini nako kuna adabu yake. Washa taa ya kushoto, punguza mwendo, toka kwenye msafara wa magari taratibu. Usisimame kwenye njia ya mwendokasi hata kama iko tupu. Basi lile haliwezi kukukwepa. Usisimame kwenye makutano, wala jirani na ukuta wa Ikulu ya Magogoni, ambako utaulizwa maswali marefu kuliko uwezo wako wa kujibu wakati huo. Kituo cha mafuta ni pazuri kuliko pote: kuna nafasi, kuna watu, na mara nyingi kuna duka la soda. Maegesho ya kulipia ya pembeni ya barabara nayo yanafaa. Ushuru wa maegesho ni bei rahisi. Ukikosa vyote hivyo, ukaona hali inazidi, simama hapohapo ukingoni na uwashe taa zote nne. Watakutukana. Wacha watukane.

Ukishasimama, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Zima injini. Chomoa ufunguo. Hamia kiti cha abiria, kama upande huo ni salama. Hilo la tatu watu hulipuuza na ndilo lenye siri: dereva ambaye sukari imeshuka anaweza kuwasha gari na kuondoka bila kukumbuka kwamba alisimama. Akiwa kiti cha pili na ufunguo uko mfukoni, mikono haina la kufanya. Isitoshe, trafiki akifika atakukuta mgonjwa aliyeegesha, siyo mtu anayepepesuka kwenye usukani na kufanana na mlevi.

Mwenye bodaboda hana kiti cha pili cha kuhamia, na hana bodi la kumkinga. Yeye kengele ya kwanza ndiyo ya mwisho: asimame, ateremke, akae chini kivulini mbali na pikipiki.

6. Sukari ya haraka kwanza, chapati baadaye

Unahitaji gramu 15 hadi 20 za sukari inayoingia kwenye damu upesi. Kwa lugha ya mtaani: nusu ya chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Glukosi ya unga ya dukani ni nzuri zaidi kwa sababu haina kishawishi. Soda iliyoandikwa haina sukari haitakusaidia kitu. Kunywa hiyo ni sawa na kunywa maji yenye rangi. Angalia chupa, kwa sababu ukishachanganyikiwa hutasoma vizuri.

Vitu vingine vinadanganya. Kashata na chokoleti zina mafuta yanayochelewesha sukari. Maziwa yanachelewa pia. Dafu linaburudisha, lakini sukari yake ni kidogo. Ungehitaji kulinywa lote na jingine juu. Na chapati, rafiki yetu wa kidokezo cha pili, ina kazi nzuri baadaye, siyo sasa.

Kunywa, tazama saa, subiri dakika 15, pima. Bado chini ya 4? Rudia kiasi kilekile. Ikipanda juu ya 4, sasa kula chakula chenye wanga ili isishuke tena. Kisha subiri dakika 45 tangu sukari ivuke 5. Ndiyo, dakika 45. Mashine ikisema 5.5, damu imepona. Ubongo bado unajikusanya. Wepesi wa kuamua na kukadiria umbali hurudi nyuma ya namba.

Akiba yako ikae unapoweza kuifikia ukiwa umefunga mkanda: mfuko wa mlangoni, siyo buti, siyo chini ya makaratasi ya bima. Glukosi iwe kwenye kikopo kinachofungwa, maana hewa ya bahari huigeuza jiwe. Na uandike jina lako kwenye soda ya dharura kwa maandishi makubwa, kwa sababu utingo naye huwa na kiu.

7. Asubuhi moja, kwa saa

Tumchukue dereva wa kirikuu wa kutunga, anayeishi Mbagala na kupakia Feri.

Saa 11 alfajiri anapima: 6.8. Anachoma 30/70, anakunywa chai kavu, anaondoka. Mpaka hapo mashine imemsifu, lakini 6.8 yenye insulini nyuma yake na bila chakula ni namba inayoteremka. Saa 1 anapakia, anainua matenga kumi na ushee pamoja na kuli. Saa 1 na nusu anapewa kipande cha samaki, anakula amesimama. Saa 2 anaondoka.

Saa 2:15 yuko Barabara ya Sokoine. Shingo imelowa na dirisha liko wazi. Daladala inamchomekea, anapandwa na hasira isiyo ya kawaida yake. Anakumbuka. Anaingia kwenye maegesho, anazima, anachomoa ufunguo, anahamia kushoto. Anafuta vidole vyenye mafuta ya samaki kwa maji, anapima: 3.1. Anakunywa nusu chupa ya soda.

Saa 2:30 anapima: 3.7. Anataka kuondoka, maana tajiri ameshapiga simu mara mbili. Anamalizia nusu iliyobaki. Saa 2:45: 5.4. Utingo anamletea chapati na maharage. Saa inaanza kuhesabiwa hapo, dakika 45. Saa 3:30 anapima tena, 7.2, anawasha gari.

Amepoteza saa moja na robo. Matenga ya samaki yalikuwa na barafu, akaongeza turubai juu. Tajiri amenung'unika, na ana haki ya kunung'unika. Kesho yake, dereva huyu anahitaji kitu kimoja tu kibadilike: muhogo vipande viwili Feri kabla ya kubeba, au sindano isogezwe. Siku hiyo isiishe bila kuandika kwenye daftari la kliniki saa, namba na alichokula, kwa sababu daktari hawezi kurekebisha asichokiona.

8. Pantoni: pima kabla ya geti

Kuvuka kwenda Kigamboni ni dakika chache. Kusubiri ndiko kunakokula asubuhi. Habari njema ni kwamba foleni, injini ikiwa imezimwa, ni mahali pazuri kabisa pa kupima na kula. Habari mbaya ni kwamba ukishaingia ndani ya pantoni umebanwa mbele na nyuma, na ikifika ng'ambo utatakiwa kuondoka mara moja, mguu kwenye klachi, watu wa miguu wakipita pembeni yako kwa mamia. Usiingie ukiwa na 4.3 kwa matumaini. Ruhusu magari yapite, subiri pantoni inayofuata.

Anayezunguka kwa Daraja la Nyerere huko Kurasini naye apime upande huu. Juu ya daraja siyo mahali pa kutafuta soda.

9. Mfungo wa Ramadhani

Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe ni la wewe, daktari wako na shehe wako. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa zake zipangwe upya. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamelieleza hilo. Saa ya hatari kwa dereva ni alasiri hadi magharibi, wakati kila mtu anawahi futari. Ikisoma chini ya 4, fungua hapohapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi. Tende tatu hivi na maji zinatosha kuanzia.

10. Mfundishe konda kabla hujamhitaji

Konda, utingo, hata mwenzako wa kijiweni, aambiwe siku ya kawaida, ukiwa na akili zako. Mambo ni machache. Akikuona umekuwa mkali bila sababu, unajibu mambo tofauti na ulichoulizwa, au umepitiliza kituo mara mbili, asibishane na wewe. Aseme: "Suka, sukari. Simama." Ukishasimama achukue ufunguo, akupe soda, akusimamie uinywe. Utakataa, kwa sababu kukataa ni sehemu ya dalili. Aendelee kwa upole.

Ukiwa umezimia au huwezi kumeza, asikumiminie kitu chochote mdomoni. Soda itaingia kwenye mapafu. Akulaze ubavu, ahakikishe unapumua, apige 112 au atafute usafiri upesi. Kati ya Feri na Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo njiani. Muhimbili haiko mbali. Huko watakuwekea glukosi kwenye mshipa.

Na jambo ambalo konda lazima alibebe kichwani: jina la dawa. Kadi yenye jina la dawa na dozi ikae pamoja na leseni yako, na yeye ajue ilipo. Aliyeshushwa na glibenklamaidi anaweza kuzinduka baada ya dripu, akaongea, akacheka, akadai viatu vyake aende kazini, halafu saa chache baadaye sukari ikaanguka tena, kwa kuwa kidonge bado kimo. Mtu huyo hulazwa na kupimwa mara kwa mara, kwa siku nzima au zaidi. Konda akimwona daktari anataka kumruhusu mapema, aitoe ile kadi na kusema: "Huyu anameza glibenklamaidi, tena ameimeza leo asubuhi." Gari litarudishwa na mtu mwingine.